Mahali Panapovuja

Nina ugonjwa mmoja ambao dawa yake sijaipata. Mtu akisema "mahali nzuri" mbele yangu, siwezi kunyamaza. Nimeshamsahihisha muuza juisi, nimeshamsahihisha dereva wa teksi, na msibani kwetu nilimsahihisha hata mtu aliyekuja kunipa pole. Alisema Mungu amlaze marehemu mahali mwema. Nikamjibu, "Pema." Maskini akadhani naitikia dua, akasema amin.

Ugonjwa huu ndio unaonilisha. Nafundisha wageni Kiswahili katika chumba cha juu cha nyumba aliyotuachia baba, Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakipishana lazima mmoja wao ageuke ubavu. Chumba kina meza moja, ubao, na rafu ya vyombo vya jikoni. Wageni wakiingia huuliza kama wamekosea mlango. Hawajakosea. Siwezi kufundisha "ndani" bila ya chungu.

Mwanafunzi ninayemkumbuka leo alikuwa Mturuki, mwokaji mikate katika hoteli moja huko Paje. Alikuwa mwanamke wa makamo ya thelathini, mikono imara, sauti ndogo. Siku ya kwanza hakutoa daftari. Aliketi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ana mchumba, fundi umeme, kijana wa hapo hapo Paje. Wanapendana, dini yao moja, baba yake kule Uturuki ameshakubali. Kilichobaki ni mama wa mwanamume.

"Hakutaki?" nikamuuliza, nikidhani ndiyo habari itakayofuata.

Siyo. Mama hakuwa na neno naye. Alikuwa na sharti moja tu, nalo alilisema wazi mbele ya wanawe wote. Alisema, "Mimi na yeye tutakaa jikoni. Wewe mwanangu huwi jikoni. Nani atatufasiria? Mwanamke nisiyeweza kusema naye nitaishi naye vipi? Na aje azungumze nami mwenyewe, asitiwe maneno mdomoni. Tukisikilizana, nakupa radhi zangu." Na yule kijana alikuwa ameshaapa kwamba bila ya radhi ya mama hafungi ndoa.

Nilimpenda mama yule kabla sijamwona. Watu wengine hudai mahari ya ajabu. Yeye alidai mazungumzo.

Tukaanza kazi. Sijapata kuona mwanafunzi aliyeshika "ndani yake" upesi namna ile. Wengine huniua kwa neno hilo. Wakiona chungu, wanafikiri: chungu, chake, basi "ndani chake". Wakiona mkoba, "ndani wake". Nami huwa nagonga meza: "yake" haikifuati chungu, inalifuata "ndani". Ndani ya chungu. Ndani ya mkoba. Ndani ya viatu. Siku zote "ya", na usipokitaja chombo, "ndani yake". Yeye hakuhitaji kugongewa meza. Kumbe kwao nako husema vivyo hivyo, ndani na yake yamekwenda pamoja katika neno moja. Nikatia kijiko katika chungu, nikafunika.

"Kijiko kiko wapi?"

"Kimo ndani yake."

"Ndani yake mna nini?"

"Ndani yake mna kijiko."

Nilifurahi mpaka nikamkaangia yai. Nikamweleza kwamba akisikia watu wanasema "ndani kuna" asishangae, hawakukosea. Ila "mna" ndiyo inayokuingiza humo hasa.

Balaa lilikuwa "mahali". Kwao sifa haibadiliki, hata ukiipeleka wapi. Nzuri ni nzuri, iwe ya mtu au ya sahani. Akawa ananiambia, "Nzuri mahali," sifa mbele na pa hamna. Nikimsahihisha, anasema, "Mahali nzuri." Nikimsahihisha tena, "Mahali mzuri." Nilihisi shinikizo la damu linapanda. Nikamwambia kwamba neno hili halina ndugu, linakaa ngeli yake peke yake, lakini lina wivu. Kila kinacholiandama linataka kivae pa. Mahali pazuri. Mahali hapa. Mahali pangu. Mahali pengine. Mahali panafaa.

Akaanza kugonga meza kwa ukucha. Kila akisikia pa, ukucha unagonga, to. Mahali *pa*zuri, to. Mahali *pa*ngu, to. Mwanzoni iliniudhi, kama mtu anayepika kwa kugonga sufuria. Baadaye nikaona ndiyo njia yake ya kukamata kitu. Waokaji mikate hugonga mkate kwa chini kusikia kama umeiva, yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza.

Sasa nami nina kanuni yangu ya kufundisha, na kanuni hiyo ndiyo iliyotufikisha pabaya. Kanuni ni hii: sentensi iwe fupi, na iwe kweli. Sitaki mtu aniambie "mahali pana tembo" ilhali tumeketi Mji Mkongwe. Ukiingia darasani, kabla ya kukaa, tazama na useme kweli ya mahali ulipo. Siku ya pili aliingia, akatazama, akasema, "Hapa pana vumbi." Siku ya tatu, "Pale pana buibui." Nilikuwa nafagia kila asubuhi kwa kumwogopa.

Nikampeleka sokoni Darajani na kikapu, tukajaribu maneno kwa watu. Muuza samaki mmoja, mtu wa maneno mengi ninayemjua tangu zamani, akamkaribisha kwa mikono miwili.

"Karibu bibi, karibu, hapa ndipo."

Mwanafunzi wangu akaitazama meza yake. "Hapa pana nzi," akasema kwa sauti yake ndogo. Akaitazama meza ya jirani. "Pale hapana nzi." Akaenda pale.

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. Yule wa kwanza akanigeukia mimi.

"Mwalimu, umemfundisha maneno, hukumfundisha adabu."

"Adabu ni somo lijalo," nikamjibu, nami nikenda zangu kununua ndimu.

Somo lijalo halikuja. Tulirudi kwenye mahali na ndani, maana ndiko kulikokuwa na kazi. Tukafanya vinyume: pasafi na pachafu, pakavu na pamerowa, papana na pembamba. Tukafanya "humu" na "hapa": hapa ni unapopanyooshea kidole, humu ni unamoingia. Mpaka siku moja alisimama mlangoni akasema mfululizo bila ya kuvuta pumzi, "Mahali hapa ni padogo lakini pazuri. Humu mna joto. Pale pana feni. Haizunguki." Ukucha uligonga fremu ya mlango kila palipostahili. Nilikaribia kulia, kisha nikakumbuka nimwite fundi wa feni.

Siku ya kwenda kwa mama ilipokaribia, yule mchumba mwenyewe akapanda ngazi zangu. Kijana mrefu, mpole, mkono wake haukuacha kuchezea funguo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

"Nna ombi. Mfundishe maneno matatu tu. Nyumba nzuri. Chakula kitamu. Nimefurahi. Mama ataridhika."

"Na akiulizwa la nne?"

Akasema mama lazima atamtembeza nyumbani, chumba kwa chumba, na jikoni hasa, kwa sababu jiko ni jipya. Yeye na kaka zake walimjengea mama kwa mikono yao mwaka uliopita. Wakamwekea bati na umeme. "Tunataka alisifie, basi."

"Mama yako kasema asitiwe maneno mdomoni," nikamwambia. "Mimi sitii maneno mdomoni. Mimi nafungua mdomo." Maneno makubwa hayo. Nilijiona mwalimu wa walimu siku ile.

Mama akatuma salamu kwamba nami nije, mgeni asione haya peke yake. Lakini akaongeza: mwalimu asiseme. Kunialika mimi na kunikataza kusema ni sawa na kumwalika paka na kufunika samaki. Nikakubali. Kijana alitufuata mjini asubuhi ile na gari ya kuazima. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ikakatika. Njia nzima mwanafunzi wangu alikuwa akitazama nje na kunong'ona: pana miti, pana ng'ombe, hapana maji, pana maji.

Nyumba ilikuwa ya matofali, uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Mama alikuwa mtu mzima, mwembamba, kanga moja kichwani na moja kiunoni, ngozi ya mikono imekauka kwa chumvi ya mwani anaoulima. Na wenziwe husema Kimakunduchi ambacho mimi mwenyewe hunipita, lakini siku ile aliweka mbele Kiunguja cha mjini.

"Shikamoo mama," akasema mwanafunzi wangu.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Karibu ndani."

"Ahsante, nshakaribia."

Nilisikia ile *nsha* nikataka kupiga vigelegele. Mama alinikalisha jamvini sebuleni, karibu na mlango wa jikoni, akanitilia sahani ya mkate wa kumimina na kikombe cha chai. "Mwalimu, wewe kula," akasema. Nikaelewa. Nikatia kipande kinywani, nikakiacha humo kiwe kufuli.

Akamshika mkono mgeni wake, akampitisha.

"Hapa pakoje?" akamuuliza barazani.

"Mahali hapa ni pazuri, mashaallah."

Ile mashaallah sikumfundisha mimi, ilitoka kwao. Nikashukuru.

"Na chumbani?"

"Humu mnapendeza. Mna upepo. Pale pana kitanda. Kitanda ni cha nani?"

"Changu. Na kile kisanduku?"

"Sijui ndani yake mna nini."

"Mna kanga zangu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea. Wanaume, yaani mchumba na kaka zake wawili, walikuwa wamejipanga ukutani, wanatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji mferejini.

Wakaingia jikoni. Kutoka nilipokaa nilikuwa nawaona wote wawili. Jiko lilikuwa jipya kweli, kuta za matofali, bati linang'aa, taa inawaka ingawa ni mchana. Mchumba akasogea mlangoni ili asikie sifa yake vizuri.

"Na humu, mkoje?" mama akauliza.

Mwanafunzi wangu akafanya nilivyomfundisha. Alisimama. Akatazama juu, akatazama chini, akatazama kuta. Hakuwa na haraka. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nikaiogopa kanuni yangu.

"Humu mna nafasi," akasema.

Mchumba akatabasamu.

"Humu mna moshi. Hamna dirisha."

Tabasamu likapungua.

Akanyoosha kidole penye bati, ambapo mstari wa kutu ulikuwa umeshuka ukutani. Kisha akakishusha kidole mpaka sakafuni, penye duara jeusi la unyevu. "Pale panavuja," akasema. "Hapa pamerowa."

Kila pa ilikuwa mahali pake. Hapakuwa na kosa hata moja, nami nilitamani ardhi inimeze pamoja na mkate wangu. Katika nchi hii, mtu akikukaribisha nyumbani kwake, hata paa likikuangukia, unasema ahsante kwa kivuli. Alipojifunza kusema pazuri sikumwambia pachafu husemwa lini na huachwa lini. Yule muuza samaki alinionya waziwazi, na mimi nilikwenda kununua ndimu.

"Hapavuji," mchumba akasema upesi. "Mama, lile ni jasho la bati. Asubuhi bati hutoka jasho."

Mama aliuachia mkono wa mgeni wake, akatupita sote bila ya kutazama mtu, akatoka uani. Mwanafunzi wangu alibaki pale jikoni, macho kwangu, akiniuliza kwa macho kosa liko wapi. Na mimi nimefungwa mdomo kwa amri na kwa mkate. Nilihisi uchungu wa kweli, maana nilimwona uso wake unavyobadilika, ukucha wake unagonga mshipi wa gauni, to, to, akizipitia sentensi zake moja moja kutafuta ilipokosekana pa. Hakuipata. Hamkuwa na kosa humo.

"Mwambie hapavuji," kijana alimnong'oneza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. "Mwambie ulikosea neno."

Akamtazama mchumba wake, akatazama sakafu. "Lakini panavuja," akasema.

Mama akarudi. Alikuwa amebeba beseni la plastiki, la buluu, lililopauka. Alipita katikati ya wanawe kama mtu apitaye nguzo, akaingia jikoni, akaliweka beseni sakafuni juu ya lile duara. Likaingia sawasawa.

"Hapa ndipo panapokaa beseni langu," akasema. "Leo nimelificha nyuma ya choo, mgeni asije akaona."

Halafu akawageukia wanawe. Hakupandisha sauti.

"Mwaka mzima nnawaambia pale panavuja. Mwaka mzima nnaambiwa jasho. Nnawaambia humu mna moshi, nnaambiwa mama utazoea. Watu watatu, mmejenga wenyewe, macho mnayo. Huyu kaingia leo."

Kaka mkubwa akasema atalipanda bati kesho. Mama akasema ngazi iko wapi. Kaka akasema ipo nyuma ya nyumba. Mama akasema basi kesho ya nini. Na bati lenyewe, kama lililokuwa likingoja ushahidi, likadondosha tone. Liliingia beseni, tuk.

Mama alimtazama Mturuki. "Ndani yake mna nini?" akamuuliza, akionyesha beseni.

"Ndani yake mna maji," akajibu yule binti. Akafikiri. "Kidogo."

Hapo mama akacheka. Alicheka akainama, akashika ukuta, kanga ya kichwa ikamporomoka. Mwanafunzi wangu hakujua kinachochekesha, lakini kicheko kilimwambukiza, akacheka naye. Nami nilicheka na mkate kinywani, nikapaliwa, ikabidi mchumba anipige mgongoni. Alinipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wanaume wakafukuzwa waende kwenye ngazi. Sauti za nyundo zikaanza juu yetu, na ugomvi wa nani aliyegongomea msumari mahali pasipostahili. Mama alifunua chungu, akampa mgeni wake mwiko, akamwonjesha mchuzi wa pweza. Alimuuliza chumvi. Alijibiwa imepungua kidogo. Akaongeza. Wakaulizana mambo ya unga na hamira, kwa mikono na kwa sentensi fupi fupi. Walipokwama hawakunitazama. Niligundua kwamba hawanihitaji, nikaona wivu kidogo, na furaha nyingi.

Chakula kilipopakuliwa tukakaa jamvini, mama, mimi na mwanafunzi wangu. Yeye alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango, kama wakaavyo wageni, goti moja juu, tayari kuinuka. Mama alimtazama hivyo kwa muda. Kisha akavuta sahani yake upande, akasogea yeye mwenyewe, akapigapiga jamvi ubavuni pake, upande wa ndani.

"Njoo ukae. Pahala pako hapa."

Mwanafunzi wangu alihamia pale. Kwa mazoea yake mkono ulikwenda sakafuni, ukucha ukagonga. Pako, to. Hapa, to. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyezikamata zote mbili. Halafu nikauona uso wake unatulia. Maneno yalikuwa yamemfika. Mkono wake haukugonga tena, ulibaki umelala palepale juu ya jamvi, na mama akaugeuza, akatia sahani ndani yake.

Nikameza kipande changu cha mwisho cha mkate, maana kufuli haikuwa na kazi tena.